Idadi inayobadilika: namna ya kuripoti kivuko kilichopinduka au jengo lililoporomoka wakati uokoaji unaendelea

Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, mchana, kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kikitoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Ilikuwa siku ya gulio, na watu walikuwa wanarudi nyumbani na bidhaa zao. Kivuko kilipinduka kikiwa kimeshakaribia gati la Bwisya. Jioni ile viongozi walitangaza vifo zaidi ya 40. Ijumaa vikapita 100, Jumamosi vikapita 200, na hesabu ilipofungwa ilikuwa watu 228.

Mwandishi aliyekuwa zamu siku zile alilazimika kubadilisha namba mara nyingi kwa siku. Wasomaji wengi waliona serikali inaficha, au vyombo vya habari vinabahatisha. Mara nyingi kilichokosewa kilikuwa namna namba ilivyoandikwa. Iliwekwa peke yake, bila kusema imehesabu nini, imehesabiwa na nani na saa ngapi, kwa hiyo ilipobadilika ilionekana kama uongo uliogundulika. Mwongozo huu unahusu kazi hiyo moja: kuishika idadi tangu dakika ya kwanza hadi uokoaji unapofungwa. Nitautumia mkasa wa MV Nyerere kama mfano mkuu, na pale inapobidi nitavuka kwenda Kariakoo na Huruma kulikoporomoka majengo, na Nungwi kulikozama meli.

Hatua ya kwanza: toa taarifa ya awali bila namba

Unapothibitisha kwamba jengo limeporomoka au chombo kimepinduka, andika hilo kwanza. Kuthibitisha maana yake ni kumpata mtu mmoja aliyepo pale anayeona kwa macho yake, pamoja na mmoja mwenye mamlaka: polisi, Zimamoto na Uokoaji, mkuu wa wilaya au ofisa wa bandari. Picha iliyosambazwa kwenye kundi la wasapu haitoshi. Kila ajali mpya huwa inafufua picha za ajali za zamani, na kivuko kilichopinduka huko Asia huonekana tofauti kidogo sana na cha kwetu kikiwa kimefunua tumbo juu ya maji.

Taarifa ya awali inahitaji mambo matatu tu: nini, wapi, lini. Kwenye "wapi" usiwe mvivu. Ukisema "Ziwa Victoria" umewatia hofu watu wa Bukoba, Musoma, Kisumu na Entebbe ambao ndugu zao wapo majini saa hiyo hiyo. Ukisema "karibu na gati la Bwisya, Ukara", maelfu ya watu wanapumua na mamia wanajua kwamba jambo linawahusu. Mjini ni vivyo hivyo. Jengo la Kariakoo lililoporomoka asubuhi ya Jumamosi, 16 Novemba 2024, lilikuwa eneo la mtaa wa Mchikichi na Kongo. Mtaa ukitajwa, mama mwenye mtoto anayeuza duka Msimbazi anajua kwamba si pale.

Kwenye "lini" kuna mitego miwili ya lugha yetu. Ukinakili taarifa ya shirika la kigeni inayosema saa tisa asubuhi kwa hesabu yao, kwetu ni saa tatu, na kosa hilo nimeliona likichapishwa zaidi ya mara moja. Mtego wa pili ni usiku. "Ijumaa usiku" mtu mmoja ataelewa saa tatu ya Ijumaa, mwingine saa nane za alfajiri ya Jumamosi. Meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia Jumamosi, 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba. "Usiku wa kuamkia" ni maneno matatu yanayoondoa utata wote, basi yatumie.

Kama huna idadi, andika: "Idadi ya waliokuwamo na hali zao bado hazijajulikana." Sentensi hiyo haina aibu yoyote. Usijaze nafasi kwa "makumi ya watu wahofiwa kufa". Huyo aliyehofu ni nani, na amehesabu nini?

Hatua ya pili: fungua daftari la idadi

Kabla ya kupokea namba ya kwanza, mteue mtu mmoja tu katika chumba cha habari awe mtunza idadi. Namba yoyote inayoingia, iwe imeletwa na mwandishi aliyeko eneo la tukio, au imesomwa kwenye taarifa ya serikali, au imesikika redioni, inapitia kwake. Ukurasa mmoja wa daftari au jedwali la kompyuta unatosha. Safu ziwe tano: namba yenyewe, imehesabu kundi gani, aliyeisema ni nani na cheo chake, imesemwa saa ngapi, na yeye ameipata wapi.

Safu ya tano ndiyo watu wanaiacha, na ndiyo inayookoa. Mkuu wa mkoa akisema 86 na mbunge akisema 86, unaona vyanzo viwili. Ukiuliza "Mheshimiwa, hii umeipata wapi?" mbunge atakujibu kwamba amemsikia mkuu wa mkoa. Kumbe chanzo ni kimoja.

Usifute mstari wa zamani katika daftari. Namba mpya inaandikwa chini yake. Siku ya tatu, mhariri mwingine akikuuliza kwa nini jana tuliandika hivi, utamwonyesha mstari, saa na jina.

Hatua ya tatu: tenganisha okoa na opoa

Kiswahili kimetupa maneno mawili ambayo tukiyatumia vizuri nusu ya mkanganyiko inaisha. Kuokoa ni kumtoa mtu akiwa hai. Kuopoa ni kutoa kitu majini, na kwa ajali za majini tunaopoa miili. Lakini maofisa kwenye eneo la tukio, wakiwa wamechoka na wamelowa, husema "tumeshatoa watu hamsini". Hamsini hao ni wangapi wazima? Hilo ndilo swali lako la kwanza, na usiandike chochote hadi lijibiwe. Neno "tumetoa" limewahi kuwaua watu wazima na kufufua waliokufa katika magazeti yetu.

Weka makundi manne, na namba yoyote iingie kundi moja tu. La kwanza ni waliookolewa wakiwa hai, yaani manusura. La pili ni miili iliyopatikana. La tatu ni majeruhi waliopokelewa hospitali. La nne ni wanaotafutwa, yaani watu ambao ndugu au wenzao wametoa majina yao na bado hawajaonekana.

Kundi la kwanza na la tatu yanaingiliana, na hapo ndipo hesabu huharibika. Manusura aliyepelekwa kituo cha afya anahesabiwa gati na anahesabiwa tena wodini. Ukijumlisha umempata mtu mmoja mara mbili. Tena manusura akifariki hospitali, lazima atoke kundi la kwanza aingie kwenye vifo, la sivyo atakuwa hai na maiti katika habari moja.

Kundi la nne ndilo gumu kuliko yote. Orodha ya wanaotafutwa inaongezeka hata kama hakuna aliyepotea zaidi, kwa sababu ndugu wanaendelea kufika. Mtu mmoja anaweza kuandikishwa mara tatu: mama anataja jina la ubatizo, mwajiri anataja la kitambulisho, wenzake wa sokoni wanataja lile la utani ambalo ndilo wanalolijua. Wapo pia walioandikishwa kumbe hawakupanda, wameishiwa chaji tu. Kwa hiyo usiandike "watu 60 hawajulikani walipo" kana kwamba umewahesabu. Andika kwamba "ndugu wametoa taarifa za watu 60 wanaowatafuta", na taja meza iliyopokea taarifa hizo. Msalaba Mwekundu wa Kenya huweka meza ya namna hiyo kwenye majanga makubwa, na ofisa wake anaweza kukuambia kama majina yaliyorudiwa yameshachujwa.

Hatua ya nne: usitafute idadi ya waliopotea kwa hesabu ya kutoa

Hili ndilo kosa lenye madhara makubwa zaidi, kwa hiyo nitalikokotoa polepole kwa mfano wa MV Nyerere.

Kivuko kile kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Jioni ya Alhamisi taarifa zilizungumzia watu 37 waliookolewa. Mwandishi aliye na kalamu na haraka anachukua 101, anatoa 37, anapata 64. Kisha anatoa miili iliyokwisha kupatikana, anabakiwa na ishirini na kitu, anaandika kwamba hao ndio waliobaki majini. Hesabu yake haina kosa la kujumlisha wala kutoa. Lakini ukweli uliokuja kujulikana ni kwamba waliokufa walikuwa 228 na manusura 41. Jumla yao ni 269. Kivuko kilikuwa kimebeba zaidi ya mara mbili na nusu ya uwezo wake, na mwandishi yule angewaambia wana-Ukara kwamba waliobaki majini ni ishirini na kitu, wakati walikuwa karibu mia mbili.

Uwezo wa chombo unakueleza kilivyosajiliwa. Haukuelezi waliokuwamo. Hata tiketi hazikusaidia siku ile, maana aliyekuwa akizikata alikufa maji na mashine yake ilipotea. Hata kama ingepatikana, watoto wanaobebwa hawakatiwi tiketi, na wapo wanaorukia chombo kikiwa kimeanza kuondoka.

Basi andika uwezo kama uwezo: "Kivuko kimesajiliwa kubeba abiria 101. Idadi ya waliokuwamo haijathibitishwa." Sentensi mbili zenye nukta katikati. Usiziunganishe kwa "kwa hiyo".

Jengo nalo lina mtego wake wa aina hii. Duka lina mwenye duka, vijana wawili wa kazi, mteja, kuli aliyeleta mzigo, na mama wa chai aliyepita. Hakuna orodha ya hao. Kariakoo ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, na kila namba ya waliofukiwa iliyotolewa saa za mwanzo ilikuwa makisio. Wewe iite makisio, na umtaje aliyekisia.

Hatua ya tano: chagua chanzo kikuu, lakini usijumlishe

Katika ajali kubwa kwetu, msemaji wa idadi kwa kawaida huwa mkuu wa wilaya saa za mwanzo, kisha mkuu wa mkoa, kisha waziri. Kila ngazi ikipanda, namba inakuwa imekusanywa zaidi, lakini pia imechelewa zaidi. Wakati waziri anasimama mbele ya kamera, mganga mfawidhi anaweza kuwa ameshapokea miili mitano ya ziada.

Kishawishi ni kuchukua ya waziri na kuongeza tano. Usifanye hivyo kamwe. Hujui kama watano wale wamo tayari katika hesabu ya waziri. Kwenye chumba kimoja cha habari nilichowahi kufanyia kazi, ajali ya mtumbwi, tulijumlisha miili iliyotajwa na polisi ufukweni na ile iliyotajwa na hospitali. Ilikuwa ni miili ile ile, imebebwa kwa gari umbali wa kilomita chache. Tuliongeza vifo ambavyo havikutokea, na simu za ndugu zilipoanza kuingia wakiuliza hao wengine ni akina nani, hatukuwa na jibu la kuwapa. Bado nakumbuka sauti ya mzee mmoja aliyekuwa amehesabu watu wa kijiji chake wote na kuwapata, na sisi tukawa tunamwambia kuna zaidi.

Namba mbili zikitofautiana, ziandike zote mbili na wenyewe: "Mkuu wa mkoa alisema saa 6 mchana kwamba imepatikana miili 18. Mganga mfawidhi alisema saa 8 kwamba hospitali yake imepokea 21." Kichwa cha habari kibebe ile ndogo iliyothibitishwa, ukitanguliza "zaidi ya" au "si chini ya". Idadi ya vifo ikipanda msomaji anahuzunika. Ikishuka kwa sababu ulikimbilia kubwa, kuna familia uliyoiombolezea bure.

Kuna sababu nyingine ya kutoongeza. Visiwani na vijijini ndugu wengine huuchukua mwili wao ufukweni moja kwa moja kwenda kuzika, hasa jua likiwa kali. Mwili huo unaweza kuwa haukuandikwa popote, au umeandikwa na mtendaji wa kijiji peke yake. Muulize mtendaji, na jibu lake liwe mstari wake katika daftari. Usilichanganye na la hospitali.

Hatua ya sita: eleza kwa nini namba imeruka

Usiku wa Alhamisi ile uokoaji wa Ukara ulisimama kwa sababu ya giza, ukaendelea asubuhi. Usiku mzima idadi haikubadilika. Ijumaa ilipopanda, vichwa vya habari vingi vilisema vifo "vyaongezeka", na mtu aliyelala akaamka aliona kama watu walikufa usiku ule, au wakubwa walikuwa wakisubiri asubuhi kutangaza.

Vifo havikuongezeka. Iliyoongezeka ni miili iliyopatikana. Tumia kitenzi hicho hicho: "Wazamiaji wamepata miili zaidi baada ya kurejea majini asubuhi." Kila unapobadilisha namba, weka sentensi moja ya sababu. Sababu kwa kawaida ni chache: uokoaji umeanza tena, chombo kimegeuzwa na sehemu ya ndani imefikiwa, slabu imeinuliwa, miili imeelea yenyewe siku ya pili au ya tatu, au majeruhi amefariki. Kama hujui sababu, piga simu uulize kabla ya kubadilisha.

Hivi ndivyo taarifa ya Ijumaa asubuhi ingeweza kuandikwa:

"Wazamiaji wamerejea majini leo Ijumaa asubuhi karibu na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, baada ya kazi kusimamishwa usiku kwa sababu ya giza. Hadi jana jioni viongozi wa wilaya ya Ukerewe walikuwa wametangaza vifo zaidi ya 40. Idadi ya waliokuwa ndani ya kivuko haijathibitishwa, na utafutaji wa manusura unaendelea. Taarifa hii imeandikwa saa 2 asubuhi na itabadilika."

Angalia maneno "utafutaji wa manusura". Usiandike kwamba kilichobaki ni kutafuta miili mpaka wanaoongoza uokoaji waseme hivyo wenyewe. Jumamosi, siku ya tatu, wazamiaji walimtoa fundi mitambo wa MV Nyerere akiwa hai. Alikuwa ndani ya kivuko kilichopinduka, upande wa mitambo, mahali palipokuwa pamebaki hewa. Huruma, Nairobi, jengo la ghorofa sita liliporomoka usiku wa 29 Aprili 2016. Mtoto mchanga alitolewa kwenye kifusi baada ya saa kama 80, na siku ya sita wakatolewa watu wengine wakiwa hai. Aliyekuwa ameshawaita "waliofariki chini ya kifusi" aliwazika kabla ya wakati.

Hatua ya saba: ukiwa eneo la tukio

Kwenye kifusi, waokoaji huomba ukimya. Mashine zinazimwa, umati unatulizwa, mtu anagonga nondo na kusubiri agongewe jibu. Kariakoo watu waliofukiwa walikuwa wakizungumza na waokoaji, na wakapitishiwa maji, glukosi na hewa ya oksijeni kupitia upenyo. Wakati wa ukimya, zima kipaza sauti na acha kutangaza moja kwa moja. Studio wakikupigia, usipokee.

Ukipewa namba ya simu ya mtu aliye chini ya kifusi, usimpigie. Betri yake ndiyo kamba yake. Kila dakika anayokupa wewe ameinyang'anya timu inayojaribu kujua yuko upande gani. Namba hiyo mpelekee kiongozi wa uokoaji.

Majina ya marehemu yasubiri. Hata kama mtendaji amekusomea orodha yote, uliza kwanza kama ndugu wa kila mmoja wameshaambiwa. Kwenye kisiwa kimoja chenye koo zinazojuana, "mwalimu wa shule fulani" ni jina kamili.

Hatua ya nane: kosa likishatoka

Ukigundua namba uliyotoa si sahihi, rekebisha pale pale ilipotoka, juu kabisa, kwa maneno haya au yanayofanana nayo: "Saa 4 asubuhi tuliandika kwamba miili 21 imepatikana. Idadi sahihi kwa wakati huo ilikuwa 18. Miili mitatu ilihesabiwa mara mbili, ufukweni na hospitali." Saa, kosa, usahihi, sababu. Usifute kimyakimya, maana picha ya skrini ya namba yako ya zamani imeshafika kwenye makundi ya wasapu na itaishi humo siku kadhaa. Ndiyo sababu kila namba unayoiweka kwenye picha au kadi ya kusambaza lazima iandikwe saa na tarehe juu ya picha yenyewe, kwa herufi zinazosomeka kwenye simu ndogo.

Tofautisha pia usahihisho na nyongeza. Namba ya jana jioni iliyokuwa kweli jana jioni haihitaji kuombewa radhi. Ukisema samahani kwa kila mabadiliko, siku utakayokosea kweli hakuna atakayeona tofauti.

Hatua ya tisa: kufunga hesabu

Uokoaji hufungwa kwa tangazo. Andika nani ametangaza, saa ngapi, na ametaja namba gani kwa kila kundi. Kisha uliza swali la mwisho: je, wapo waliotajwa na ndugu ambao hawajapatikana wakiwa hai wala wakiwa wamekufa?

Mara nyingine jibu la swali hilo ndilo habari kubwa kuliko zote. Ajali ya MV Spice Islander ilifungwa kwa siku za mwanzo ikiwa na miili kama 200. Tume iliyochunguza baadaye ilieleza kwamba zaidi ya watu elfu moja waliokuwamo hawakupatikana kabisa. Yeyote aliyeandika "watu 200 wamekufa" na kulifunga daftari aliwaacha nje wale ambao bahari haikuwarudisha. Aliyeandika "miili kama 200 imepatikana, na orodha ya wanaotafutwa haijafungwa" hakuhitaji kubadilisha neno, na ndugu wa Pemba waliendelea kuwaona watu wao ndani ya habari yake.

Kwa hiyo mstari wa mwisho wa daftari lako uwe na tarehe ya kurudi. Weka wiki mbili, kisha miezi mitatu. Siku hiyo ikifika, mpigie yule yule aliyekupa namba ya mwisho, umuulize wangapi bado wanatafutwa, na uandike jibu lake chini ya mstari uliopo, pamoja na saa.